Jumatano Hadi Jumanne ni Siku Mbili: Hotuba Kuhusu Tarehe ya Thamani

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wahasibu na waagizaji wa bidhaa. Nimeyaandika karibu yote kama yalivyotoka kinywani, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wahasibu, waagizaji, na ninyi nyote ambao kazi yenu ni kuwalipa watu wasiotumia sarafu mnayotumia ninyi, asanteni kwa kuniita.

Naanza na simu moja. Miaka ile nilikuwa nafanya kazi katika dawati la fedha za kigeni la benki moja. Ilikuwa Alhamisi jioni, kesho yake Ijumaa Kuu. Aliyepiga alikuwa mhasibu, dada makini sana, mtu wa kuhakiki namba mara mbili. Akaniambia: "Kaka, nina ankara ya euro 100,000 inayotakiwa ilipwe Jumanne. Najua bei hufungwa siku mbili kabla. Siku mbili kabla ya Jumanne ni Jumapili, na Jumapili hamfungui, ndiyo maana nimewahi leo. Naomba unifungie bei."

Nikamjibu: "Dada, pole. Dawati limeshafunga. Na siku ya kufunga bei ya Jumanne ilikuwa jana."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Jana ilikuwa Jumatano. Kutoka Jumatano hadi Jumanne ni siku mbili?"

Ndiyo, ndugu zangu. Kwa hesabu ya soko la fedha, Jumatano ile hadi Jumanne ile zilikuwa siku mbili. Agizo lake lilikaa mezani sikukuu nzima, likafanyiwa kazi Jumanne, euro zikafika kwa muuzaji Alhamisi. Siku mbili za kuchelewa. Na katikati ya hapo bei ya euro ilikuwa imepanda nusu senti ya dola. Nusu senti kwenye euro 100,000 ni dola 500. Zililipwa na kampuni yake, na aliyeulizwa maswali ni yeye.

Alikuwa anajua kuhesabu kuliko wengi wetu. Kitu ambacho hakuwa nacho ni kalenda ya benki, na hakuna mtu, mimi nikiwemo, aliyewahi kumwonyesha. Nimekuja kuwaonyesha ninyi.

Kila mnapobadilisha fedha, kuna tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya makubaliano: siku ambayo wewe na benki mnasema "sawa, kwa bei hii." Ya pili ni tarehe ya thamani: siku ambayo fedha zenyewe zinahama, dola zinatoka kwako na euro zinaingia upande wa pili. Bei inafungwa siku ya kwanza. Fedha zinahama siku ya pili. Katika biashara ya kawaida ya sarafu, ile ambayo watu wa soko huiita biashara ya papo, tarehe ya thamani ni siku mbili za kazi baada ya makubaliano. Kwenye karatasi za benki mtaiona imeandikwa `T+2`. Hiyo T ni siku ya makubaliano.

Mtaniuliza: papo gani hiyo ya siku mbili? Mbona ujumbe unafika kwa sekunde moja, fedha zichukue siku mbili?

Swali zuri. Jibu lake ni kwamba sarafu haisafiri. Dola ikibadilishwa kuwa euro, hakuna dola inayovuka bahari. Dola zinahama kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya mfumo wa malipo wa Marekani. Euro zinahama kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya mfumo wa malipo wa Ulaya, unaoitwa TARGET. Ni nyumba mbili, kila moja na mlango wake, funguo zake na saa zake za kufungua. Ili malipo yakamilike, nyumba zote mbili ziwe wazi siku ileile. Siku ya kwanza kati ya zile mbili, pande zote zinathibitishiana kiasi, bei na akaunti, na kosa likiwepo linarekebishwa. Siku ya pili ndiyo ya kulipana. Na kwa sababu Tokyo inakaribia kulala New York inapoamka, siku moja tu ingewabana watu wa upande mmoja wa dunia. Dola ya Kanada dhidi ya dola ya Marekani hukamilika kwa siku moja ya kazi, maana Toronto na New York wanatazama saa ileile.

Kuna tukio linaloonyesha ni kwa nini mabenki wanaziheshimu sana hizi tarehe. Tarehe 26 Juni 1974, wakuu wa Ujerumani waliifunga benki moja ya mjini Cologne iliyoitwa Herstatt. Kule ilikuwa alasiri, siku ya kazi imekwisha. New York ilikuwa bado asubuhi. Kulikuwa na mabenki yaliyofanya biashara na Herstatt siku mbili nyuma, na siku ile ndiyo ilikuwa tarehe ya thamani. Yalikuwa yameshailipa Herstatt marki za Ujerumani mchana ule. Sasa yalikuwa yanasubiri dola zao New York. Dola hazikutoka. Wakala wa Herstatt kule New York alisimamisha malipo, na mabenki yale yakabaki yametoa mkono mmoja na mwingine mtupu.

Hofu hiyo ina jina mpaka leo, watu wa soko huiita hatari ya Herstatt. Ilichukua hadi mwaka 2002 kuanzishwa kwa benki maalumu ya ukamilishaji, CLS, ambayo hailipi upande mmoja mpaka upande wa pili nao uwe umelipa. Lakini hata CLS inahitaji nyumba zote mbili ziwe wazi. Hakuna teknolojia inayoweza kuingiza euro kwenye akaunti siku ambayo TARGET imefungwa.

Sasa tuhesabu. Na naomba tuhesabu polepole, kwa sababu hapa ndipo dola 500 zilipopotelea.

Katika wiki isiyo na sikukuu, ukifunga bei Jumatatu fedha zinahama Jumatano. Ukifunga Jumanne, Alhamisi. Jumatano, Ijumaa. Alhamisi je? Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, kwa hiyo Jumatatu. Na Ijumaa inakwenda Jumanne. Hadi hapo hakuna anayepotea.

Chukueni sasa Pasaka ya mwaka 2024. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi, Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili. TARGET, ukiacha mwisho wa wiki, hufungwa siku sita tu kwa mwaka: tarehe 1 Januari, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Mei, na tarehe 25 na 26 Desemba. Marekani, Ijumaa Kuu si sikukuu ya serikali, mfumo wao wa dola unafanya kazi. Lakini nimeshasema: nyumba mbili. Moja ikifungwa, imetosha.

Aliyefunga bei ya dola kwa euro Jumanne tarehe 26 Machi, fedha zake zilihama Alhamisi tarehe 28. Vizuri. Aliyefunga Jumatano tarehe 27? Siku ya kwanza ni Alhamisi 28. Siku ya pili ilitakiwa iwe Ijumaa 29, imefungwa. Jumamosi, Jumapili, hapana. Jumatatu 1 Aprili, imefungwa. Jumanne tarehe 2 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya pili.

Mnaona kilichotokea? Watu wawili wamepishana siku moja kufunga bei, fedha zao zimepishana siku tano.

Sasa ligeuzeni, kwa sababu sisi tunaolipa ankara hatuhesabu kwenda mbele. Tunajua tarehe ya mwisho ya kulipa, na tunatafuta siku ya kufunga bei. Ankara ni ya Jumanne tarehe 2 Aprili. Rudini nyuma siku za kazi mbili. Jumatatu ya Pasaka, ruka. Jumapili, ruka. Jumamosi, ruka. Ijumaa Kuu, ruka. Alhamisi tarehe 28, moja. Jumatano tarehe 27, mbili. Siku sita za kalenda kabla ya ankara. Bei ya papo ya Jumanne ile ilikuwa inapatikana Jumatano, na ilikoma Jumatano.

Hiyo ndiyo sababu sikukuu hubadilisha siku ya kufungwa bei. Sikukuu haigusi bei yenyewe. Inachofanya ni kuusukuma mlango wa kufungia bei urudi nyuma, mbali na siku ya malipo. Na kadiri siku hizo mbili zinavyotanuka, ndivyo unavyoamua mapema zaidi, ukiwa unajua machache zaidi kuhusu soko litakavyokuwa.

Mtu atasema: kwa hiyo yule dada alikuwa hana msaada siku ya Alhamisi? Alikuwa nao, kama angepiga asubuhi. Benki inaweza kukuuzia kwa thamani ya siku ya kazi inayofuata, yaani `T+1`, badala ya mbili. Siku ya kazi iliyofuata baada ya Alhamisi ile ilikuwa Jumanne. Bei yake hutofautiana kidogo na ya papo, na tofauti hiyo si ya kubahatisha, inatokana na riba. Ukitoa dola siku moja mapema, unapoteza riba ya dola ya siku moja na unapata riba ya euro ya siku moja. Tuseme riba ya dola ni asilimia 5.3 kwa mwaka na ya euro ni 4. Tofauti ni asilimia 1.3 kwa mwaka. Euro 100,000 kwa bei ya mfano ya 1.08 ni dola 108,000. Asilimia 1.3 ya hizo, ukigawa kwa 360 kama masoko ya dola na euro yanavyohesabu, ni kama dola 4. Na kwa kuwa riba ya dola ndiyo kubwa, dola 4 hizo zinakuwa nafuu kwa anayenunua euro, maana ameziachia dola zake mapema.

Dola 4 kwa 500! Ndiyo maana nasema riba ya siku moja isiwatishe. Kinachowaumiza watu ni soko kusogea wakati wao wanasubiri mlango ufunguke. Lakini ile huduma ya siku moja ina saa yake ya mwisho, na kwa mabenki mengi saa hiyo huja mapema zaidi kuliko ile ya biashara ya papo. Yule dada alipiga jioni.

Nitawapitisha sasa mahali ambapo hata wafanyakazi wa benki hukosea, kwa sababu kanuni yenyewe inaonekana kama haina haki. Kuna sikukuu inayokupunguzia muda, na kuna sikukuu inayokuongezea.

Tarehe 4 Julai 2024 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Ulaya walikuwa kazini. Mtu amefunga bei ya euro kwa dola Jumanne tarehe 2. Siku ya kwanza Jumatano, siku ya pili Alhamisi. Dola haziwezi kuhama Alhamisi, basi inasogea hadi Ijumaa tarehe 5. Hapo sawa. Mwingine amefunga Jumatano tarehe 3. Kwa hesabu ya Pasaka tungesema Alhamisi inarukwa, Ijumaa ni siku ya kwanza, Jumatatu ya pili. Sivyo. Kwa desturi ya soko, sikukuu ya Marekani ikiangukia siku ya katikati, siku ile ya kuthibitishiana, huhesabiwa kama siku ya kazi kwa sarafu nyingi zinazobadilishwa na dola. Kinachotakiwa ni kwamba New York isifungwe siku ya kulipana. Kwa hiyo Alhamisi ilihesabiwa kuwa ya kwanza, na Ijumaa ikawa ya pili. Aliyefunga Jumanne na aliyefunga Jumatano walilipwa siku moja, Ijumaa tarehe 5.

Kwa hiyo mwenye ankara ya Ijumaa ile alikuwa na siku mbili za kuchagua bei kwa tarehe ileile ya thamani. Ukijua hili unaweza kutulia Jumanne na kuitazama Jumatano. Usipolijua, unakimbizana Jumanne bila sababu. Desturi hii haishikwi na kila sarafu, zipo zinazohesabu kwa ukali zaidi, na ndiyo maana neno ninalowaomba mtumie kila mara mkizungumza na benki ni hili: "Tarehe ya thamani ya bei hii ni ipi?" Muulize kabla ya kusema sawa. Msiulize "fedha zitafika lini," kwa sababu jibu la hapo ni makadirio. Tarehe ya thamani haikadiriwi, ipo kwenye mfumo, na anayewapa bei anaiona.

Na kama sarafu mnayotoa na mnayopokea zote si dola? Mara nyingi biashara hiyo hupitia kwenye dola kwa ndani, hata kama karatasi yako haionyeshi. Basi kalenda zinakuwa tatu. Sikukuu ya New York inaweza kusogeza malipo ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja mwenye dola.

Tuje kwenye mwisho wa wiki wenyewe, kwa sababu wengi wenu mmehamia kwenye programu za simu, na simu haina Jumapili.

Siku ya soko la sarafu haiishi usiku wa manane. Inaisha saa 11 jioni ya New York. Agizo lililokubaliwa Jumatano saa 11 kasorobo kule ni la Jumatano. Lililokubaliwa saa 11 na robo ni la Alhamisi, na tarehe yake ya thamani inasogea pamoja nalo, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Nusu saa, siku tatu. Na Ijumaa saa 11 jioni ya New York, soko linafunga hadi Jumapili jioni ya kulekule, wakati huo New Zealand ikiwa imeshaingia Jumatatu asubuhi.

Sasa niambieni: ile bei mnayoiona kwenye simu Jumamosi mchana ni bei ya nani? Hakuna anayeuza, hakuna anayenunua. Ni bei ya mwisho ya Ijumaa, imesimama pale kama saa iliyokatika betri. Anayekuuzia kwa bei hiyo Jumamosi anabeba hatari ya Jumatatu. Kwa hiyo atafanya moja kati ya mambo mawili. Atakufungia bei sasa hivi lakini ataongeza kitu juu ili ajilinde. Au atapokea agizo lako, akuonyeshe bei ya kukadiria, na kuifunga Jumatatu soko likifunguka. Yote mawili ni halali. Lakini mtu wa kwanza anajua atalipa kiasi gani, na wa pili hajui, ingawa skrini zao zinafanana.

Hatari ya Jumatatu si ya kufikirika. Jumapili tarehe 23 Aprili 2017 Wafaransa walipiga kura ya duru ya kwanza ya urais. Ijumaa soko lilifunga na wasiwasi mkubwa. Jumapili usiku ikajulikana kwamba Macron na Le Pen wanakwenda duru ya pili, Macron akiwa mbele, na soko lilipofunguka euro iliruka kwa zaidi ya asilimia 1 kwa pigo moja. Haikupanda ngazi kwa ngazi ili mtu apate kununua njiani. Kati ya bei ya Ijumaa na bei ya ufunguzi hapakuwa na bei. Mwenye ankara ya euro 100,000 aliyeacha agizo Jumamosi kwa bei ya kukadiria, asilimia 1 yake ni euro 1,000. Kwa upande wa pili, aliyekuwa anauza euro alipata zawadi. Mimi siwafundishi kuotea kura. Nawaambia mjue kama bei yenu imefungwa au inasubiri.

Nina jambo moja la sikukuu ambazo hazikuwepo kwenye kalenda mlipoangalia. Tarehe 10 Septemba 2022 Uingereza ilitangaza kwamba Jumatatu tarehe 19 itakuwa mapumziko kwa ajili ya mazishi ya Malkia Elizabeth. Siku tisa tu za taarifa. Kulikuwa na mikataba ya paundi iliyofungwa wiki na miezi kabla, ikiwa na tarehe ya thamani ya 19 Septemba. Siku hiyo mfumo wa malipo makubwa wa Uingereza ulifungwa, na malipo hayo yakalazimika kusogea. Wanaofanya biashara na nchi ambazo sikukuu zake hutegemea mwezi kuandama wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo, ankara ikiwa na adhabu ya kuchelewa, msiiwekee tarehe ya thamani siku ileile ya mwisho. Acheni siku moja ya kazi katikati. Gharama yake mmeshaiona: ni riba ya siku moja.

Naomba niseme pia bei hufungwa wapi, kwa sababu kuna hasara ambazo wengi hulilaumu soko kwazo, na kumbe chanzo ni mahali bei ilipofungwa. Ukimtumia dola mtu mwenye akaunti ya euro bila kubadilisha kwanza, bei haifungwi kwako kabisa. Inafungwa kwenye benki yake, siku dola zitakapoingia, kwa bei na kalenda ya kule. Wewe umetuma Alhamisi, wao wamepokea Ijumaa baada ya saa zao, wamebadilisha Jumatatu. Ukiomba nakala ya ujumbe wa malipo wa muundo wa zamani, uliokuwa ukitumika kati ya mabenki ya nchi mbalimbali hadi Novemba 2025, tafuta mstari kama huu:

```
:32A:240402EUR100000,00
```

Namba sita za mwanzo baada ya `:32A:` ni tarehe ya thamani, mwaka ukitangulia: 2 Aprili 2024. Kisha sarafu, kisha kiasi. Kwenye ujumbe wa muundo mpya, tarehe hiyo iko kwenye sehemu inayoitwa `IntrBkSttlmDt`. Ukiona `USD` mahali pa sarafu wakati ulidhani umetuma euro, umeshajua kwamba bei ilifungwa upande wa pili. Na ukiona tarehe isiyo ile uliyoambiwa, piga simu siku hiyohiyo.

Baada ya kumaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma alisimama, na naliweka swali lake hapa kwa sababu linawahusu wengi. Alisema: "Mwanangu, nimekuelewa kuhusu Pasaka. Mimi tatizo langu ni Krismasi. Mwaka 2024 nilikuwa na ankara ya euro ya Ijumaa tarehe 27 Desemba, nalipa kwa dola. Ningefunga lini?"

Nikamwomba tuhesabu wote, na ukumbi ukahesabu. Alhamisi tarehe 26, TARGET imefungwa, ruka. Jumatano tarehe 25, ruka. Jumanne tarehe 24, moja. Jumatatu tarehe 23, mbili.

"Tarehe 23," akasema mzee. "Mimi nilipiga tarehe 24 mchana."

Nikamwambia: "Mzee wangu, tarehe 24 asubuhi ungeweza kuomba thamani ya siku ya kazi inayofuata, ambayo ndiyo hiyo 27. Mchana, mabenki mengi siku ile yamefunga mapema. Ikishafika hapo, hakuna bei ya tarehe 27 ya kufunga kwa njia ya kawaida. Unachoweza kufanya ni kumwandikia muuzaji tarehe 24 hiyohiyo, kabla naye hajafunga ofisi, umwambie fedha zitakuwa na tarehe ya thamani ya 30, na umwombe akubali kwa maandishi."

Akaitoa kalamu mfukoni, akauliza kama tarehe 30 ilikuwa Jumatatu. Ilikuwa Jumatatu.